Wenzako Wanaona Giza: Kutatua Matatizo ya Kuonyesha Skrini, Kurekodi na Kamera kwenye Linux yenye Wayland

Walimu na maofisa wa hapa Mbale wanaoweka Linux kwenye kompyuta zao za mtumba huniletea malalamiko yanayofanana: mkutano umeanza, sauti inasikika, lakini mtu anapotaka kuonyesha skrini yake, walio upande wa pili wanaona weusi mtupu. Wengine wamerekodi somo la saa nzima na kukuta faili halina sauti. Wapo pia wanaolaumu Wayland kwa kila kitu, hata kwa kamera ambayo Wayland haihusiki nayo kabisa. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, na katika kila dalili unaanza na chanzo kinachojitokeza mara nyingi zaidi.

Kabla ya yote, fungua terminali na uulize kompyuta inatumia mfumo upi wa kuchora skrini:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Jibu likiwa `x11`, kama ilivyo kwa kawaida kwenye Linux Mint yenye Cinnamon, sehemu kubwa ya maelezo ya skrini hapa chini haikuhusu, na unaweza kwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kamera. Jibu likiwa `wayland`, kama ilivyo kwenye kompyuta nyingi zenye Ubuntu 24.04, endelea kusoma.

Tofauti ya mifumo hii miwili ndiyo chanzo cha karibu kila shida ya kuonyesha skrini. Kwenye X11, programu yoyote iliyofunguliwa iliweza kupiga picha ya skrini nzima bila kumwuliza mtu. Kwenye Wayland kila programu inaona dirisha lake tu. Ikitaka kuona zaidi ya hapo, lazima ipige hodi kwenye lango linaloitwa `xdg-desktop-portal`. Lango hilo hukutolea kidirisha cha kukuuliza ni skrini au dirisha lipi unakubali lionekane, na ukishakubali, picha husafirishwa kwa mfereji unaoitwa PipeWire hadi kwenye programu iliyoomba. Kwa hiyo mambo matatu yanaweza kuharibika: programu haijui kupiga hodi, lango halifunguki, au mfereji umeziba. Kazi yote ya utatuzi ni kujua tatizo liko wapi kati ya hapo patatu.

## Dalili ya kwanza: wenzako wanaona weusi na kishale cha kipanya tu

Hii ndiyo dalili niletewayo kuliko zote, na mara nyingi kosa liko kwa programu isiyopiga hodi. Programu za mikutano zilizotengenezwa wakati wa X11 bado hufunguka kwenye Wayland kwa msaada wa tabaka la upatanisho liitwalo XWayland. Zinapojaribu kuchukua skrini kwa njia yao ya zamani, hazikatazwi kwa ujumbe wowote wa kosa, ila hupewa skrini tupu. Ndiyo maana mwenye kompyuta haoni ubaya wowote upande wake.

Chukua mfano wa mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa na wanafunzi Soroti na Kampala. Kompyuta yake ya mtumba ilikuwa na Ubuntu 24.04, na programu ya mikutano aliiweka kutoka kwenye faili la zamani alilonakiliwa na rafiki. Alifungua slaidi zake kwenye LibreOffice Impress, akabonyeza kitufe cha kuonyesha skrini, na mwanafunzi mmoja akamwambia, "Mwalimu, hatuoni kitu, ni giza tupu na mshale unatembea." Alizima na kuwasha mara tatu, bando likaendelea kuisha.

Nilipoletewa kompyuta, sikugusa mpangilio wowote kwanza. Nilifungua orodha ya madirisha ambayo programu ile ilidai inaweza kuonyesha, na orodha ilikuwa na dirisha la programu yenyewe pamoja na la programu nyingine moja ya zamani, lakini Impress haikuwamo ingawa ilikuwa wazi mbele ya macho yetu. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kilichotokea. Programu ilikuwa inaona tu madirisha yaliyo ndani ya XWayland pamoja nayo, na madirisha ya Wayland halisi hayakuwepo kwake. Kwa uhakika zaidi niliandika amri hii, inayotaja programu zilizomo kwenye XWayland:

```
xlsclients
```

Programu ya mkutano ilikuwamo na LibreOffice haikuwamo. Hata hivyo, usihukumu programu kwa amri hii pekee, kwa sababu vipo vivinjari vinavyofunguka kupitia XWayland lakini vinajua kupiga hodi kwenye lango na kupata skrini bila shida. Alama ya kuaminika ni kidirisha cha lango. Ukibonyeza kitufe cha kuonyesha skrini kisha mfumo wenyewe, siyo programu, ukakuuliza unataka kuonyesha nini, basi hodi imepigwa. Usipoulizwa na wenzako wakaona giza, hodi haikupigwa.

Suluhisho la kwanza, lisilo na gharama, ni kuingia kwenye mkutano uleule kupitia kivinjari badala ya programu iliyowekwa. Firefox na Chromium za siku hizi hutumia lango bila kuongezwa kitu. Mwalimu yule alifungua mkutano ndani ya Firefox, kidirisha kikatokea, akachagua dirisha la Impress, na Soroti wakaona slaidi. Usishangae kivinjari kikikuuliza mara mbili, mara moja kwa kidirisha chake na mara nyingine kwa kile cha lango, kwani ni maswali ya pande mbili tofauti na yote mawili yanahitaji jibu.

Ikiwa unachotaka kuonyesha kiko ndani ya ukurasa wa wavuti, kwenye Chromium unaweza kuchagua kuonyesha kichupo kimoja tu cha kivinjari. Njia hii haipiti kwenye lango hata kidogo, maana kivinjari kinaonyesha kitu kilichochorwa na chenyewe, kwa hiyo hufanya kazi hata pale ambapo lango limeharibika. Tena inaweza kubeba sauti ya kichupo hicho, jambo ambalo kuonyesha skrini nzima kwenye Linux kwa kawaida hakulifanyi.

Suluhisho la pili ni kupata toleo jipya la programu ya mkutano kutoka kwa watengenezaji wake, si kutoka kwenye fleshi ya rafiki.

La tatu ni kurudi X11. Toka kwenye akaunti, bonyeza jina lako, na kabla ya kuandika nywila bonyeza alama ya gurudumu lenye meno iliyo pembeni chini, kisha uchague `Ubuntu on Xorg`. Njia hii hufaulu, lakini mimi huitoa kama ya mwisho, kwa sababu unarudi kwenye hali ambapo programu yoyote inaweza kuchungulia skrini yako na hata kusoma unachoandika. Isitoshe, haina maisha marefu: Ubuntu 25.10 iliyotoka Oktoba 2025 imekwisha kuliondoa chaguo hilo.

Kuna watu hushauri kufuta maktaba za Wayland kutoka kwenye mfumo ili "imalizike kabisa." Usifanye hivyo. Mazingira ya kisasa ya GNOME yanazitegemea, na unaweza kuwasha kompyuta ukakuta huna hata skrini ya kuingilia. Ikiwa umekwisha kufanya hivyo na unaona maandishi meupe tu kwenye skrini nyeusi, acha kujaribu amri za kubahatisha, na umpelekee fundi anayeijua Linux kabla hujapoteza mafaili.

## Dalili ya pili: kidirisha cha kuchagua hakitokei, au kinatokea lakini picha haiendi

Hapa programu inajua kupiga hodi, kama Firefox, ila tatizo liko langoni au kwenye mfereji. Chanzo kikubwa ni sasisho lililofanyika huku umeingia kwenye akaunti: PipeWire mpya imewekwa kwenye diski, lakini ile ya zamani bado ndiyo inayoendelea kufanya kazi. Toka kwenye akaunti kisha uingie tena. Naandika jambo hili jepesi kwa sababu watu wengi hufunga tu kifuniko cha kompyuta jioni na kukifungua asubuhi, hivyo kikao kimoja hudumu wiki nzima.

Isipotosha, angalia hali ya huduma zenyewe:

```
systemctl --user status xdg-desktop-portal pipewire wireplumber
```

Kila moja inapaswa kuonyesha `active (running)`. Kwenye Ubuntu 22.04 unaweza kukuta `pipewire-media-session` mahali pa `wireplumber`, na hilo si kosa. Angalia kwamba amri haina `sudo`, kwa kuwa huduma hizi ni za mtumiaji aliyeingia, si za mfumo mzima. Ukiweka `sudo` utapata jibu la kupotosha. Ikiwa mojawapo imeanguka, zianzishe upya ukiwa umefunga mkutano:

```
systemctl --user restart pipewire wireplumber xdg-desktop-portal
```

Sauti itakatika kwa sekunde chache, kwa kuwa kwenye mifumo mingi ya sasa PipeWire ndiyo inayobeba sauti pia.

Chanzo cha tatu ni lango kukosa mshirika wake. Kifurushi cha `xdg-desktop-portal` hakichukui picha chenyewe, bali humtuma mshirika anayeelewana na mazingira unayotumia: `xdg-desktop-portal-gnome` kwa GNOME, `xdg-desktop-portal-kde` kwa Plasma, na `xdg-desktop-portal-wlr` kwa Sway. Mtu aliyejaribu mazingira mawili matatu kwenye kompyuta moja huweza kubaki na mshirika asiye wake. Kagua hivi:

```
dpkg -l | grep xdg-desktop-portal
```

Ukikuta wa kwako hayupo, mweke kwa `sudo apt install` na jina la kifurushi, kisha utoke na kuingia upya. Wanaotumia Sway wana jambo moja la ziada: lango huanzishwa na systemd, ambayo haijui kikao chako cha Wayland ni kipi mpaka uiambie. Mstari huu kwenye faili la mpangilio la Sway humaliza kazi:

```
exec dbus-update-activation-environment --systemd WAYLAND_DISPLAY XDG_CURRENT_DESKTOP=sway
```

Kompyuta ikiwa ni ya ofisi au ya shule na huna nywila ya msimamizi, simama hapa. Kuweka vifurushi ni kazi ya mwenye mashine.

## Dalili ya tatu: rekodi ni nyeusi, haina sauti, au faili halifunguki

Rekodi ikiwa nyeusi, chanzo ni kilekile cha dalili ya kwanza. SimpleScreenRecorder na amri ya `ffmpeg` yenye `x11grab` ni vyombo vizuri vya X11, na kwenye Wayland havitakuona. Tumia OBS Studio, ambayo tangu toleo la 27 la mwaka 2021 inajua kupitia lango. Ongeza chanzo kinachoitwa `Screen Capture (PipeWire)`. Ikiwa ulihamisha mpangilio wa OBS kutoka kwenye kompyuta ya zamani, huenda chanzo kilichomo bado ni `Screen Capture (XSHM)`. Kifute, kwa maana kwenye Wayland hakitakupa chochote.

Rekodi ikikosa sauti, uliza kwanza ulirekodi kwa kutumia nini. Kirekodi kilichomo ndani ya GNOME, kile kinachoanza kwa Ctrl+Alt+Shift+R, hakirekodi sauti, na hakuna mpangilio wa kuiwasha. Kinafaa kwa kuonyesha hatua fupi za jambo fulani, lakini si kwa somo. Kwenye OBS sauti yako huingia kwa `Audio Input Capture (PulseAudio)`, na sauti za wenzako wa mkutano kwa `Audio Output Capture (PulseAudio)`. Ni vitu viwili tofauti, na anayesahau cha pili hupata rekodi ya mtu anayejibu maswali yasiyosikika. Kabla ya somo, sema neno moja na umwombe mwenzako aseme moja, uangalie kama mistari miwili ya kijani inacheza. Wajulishe pia kwamba unarekodi.

Faili kutofunguka ni shida niliyoikuta zaidi kwenye kompyuta za mtumba ambazo betri imechoka: umeme ukikatika katikati ya somo, mashine inazima papo hapo. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa fahirisi yake mwishoni, kurekodi kunaposimamishwa vizuri, na bila fahirisi hiyo vichezeshi hukataa kulifungua hata kama picha zote zimo. Weka OBS irekodi kwa muundo wa MKV, ambao hubaki ukisomeka hadi karibu na sekunde umeme ulipokatika. Ukihitaji MP4 ya kumtumia mtu, nenda `File`, halafu `Remux Recordings`. Ubadilishaji huo haupunguzi ubora na huchukua muda mfupi tu.

Kuna mipaka miwili ambayo si hitilafu, hivyo usipoteze usiku kuitafutia dawa. Vitufe vya mkato vya OBS kwa kawaida havisikii wakati dirisha jingine liko mbele, kwa sababu Wayland haimruhusu mmoja kusikiliza vitufe vinavyobonyezwa kwa mwingine. Rudi kwenye dirisha la OBS ndipo ubonyeze. Pia, ukichagua kuonyesha dirisha moja kisha ukalificha chini, picha huganda kwa watazamaji. Ukitaka kubadili kati ya madirisha, chagua skrini nzima tangu mwanzo, na ufunge barua pepe zako kwanza.

## Dalili ya nne: kamera inatetemesha mwanga au picha inakwama

Hapa Wayland haimo. Kamera za USB huendeshwa na kiendeshi cha `uvcvideo` kilicho ndani ya Linux yenyewe, iwe uko X11 au Wayland. Ili kuikagua, weka kifurushi cha `v4l-utils`.

Michirizi inayopanda na kushuka kwenye picha chini ya taa za mirija hutokana na kamera kudhani iko kwenye nchi yenye umeme wa hezi 60. Umeme wa Uganda ni wa hezi 50. Iambie:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c power_line_frequency=1
```

Thamani 1 maana yake ni hezi 50, na 2 ni hezi 60. Mpangilio huu hupotea kamera ikichomolewa au kompyuta ikizimwa, kwa hiyo andika amri mahali utakapoipata.

Picha inayokwama ina vyanzo viwili kabla hujaulaumu mtandao. Cha kwanza ni chumba chenye giza: kamera huacha jicho wazi kwa muda mrefu zaidi katika kila picha, na idadi ya picha kwa sekunde inashuka. Geuza uso kuelekea dirishani, uone kama inabadilika. Cha pili ni muundo wa picha. Angalia kamera inatoa nini:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext
```

Mara nyingi utaona YUYV, ambayo haijabanwa, na MJPG, iliyobanwa. Fanya hesabu: picha ya pikseli 1280 kwa 720 katika YUYV hutumia baiti 2 kwa kila pikseli, na kwa picha 30 kila sekunde inafika takriban megabaiti 55. USB 2.0 kwa nadharia haizidi megabaiti 60, na kwa vitendo haifiki hapo. Ndiyo sababu kamera nyingi hutangaza picha 10 tu kwa sekunde katika YUYV kwa ukubwa huo, na 30 katika MJPG. Kwenye OBS, chagua `Motion-JPEG` katika muundo wa video wa kamera. Kwenye programu isiyokupa chaguo, shusha ukubwa hadi 640 kwa 480.

## Dalili ya tano: kamera haionekani kabisa

Anza na kifuniko kidogo cha lenzi na kitufe cha kamera kwenye safu ya juu ya kibodi. Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato kitufe hicho huikata kamera hata isionekane kwenye orodha ya vifaa. Kisha hakikisha haijashikwa na programu nyingine:

```
fuser -v /dev/video0
```

Ukiona kivinjari kwenye jibu, funga kichupo cha mkutano uliopita. Ukiona `wireplumber` au `pipewire` pekee, hilo ni la kawaida. Kivinjari kilichowekwa kama snap kinaweza pia kuwa hakina ruhusa. Kwa Chromium, `sudo snap connect chromium:camera` huitoa. Usifuate ushauri wa kufungua ruhusa za `/dev/video0` kwa kila mtu kwa `chmod 777`, wala wa kuendesha kivinjari kama msimamizi. Ruhusa za namna hiyo hurudi zilivyokuwa ukizima kompyuta, na hatari yake ni kubwa kuliko faida.

Mwisho andika `lsusb` mara mbili, kifuniko cha kompyuta kikiwa wima na kikiwa kimelazwa nyuma zaidi. Kamera ikitokea katika hali moja na kutoweka katika nyingine, waya wake unaopita ndani ya bawaba umechakaa, na hakuna amri itakayouponya. Usifungue fremu ya skrini kwa kisu cha jikoni, kwa kuwa waya wa skrini yenyewe hupita palepale. Mpelekee fundi wa vifaa, na kwa siku hizo chache tumia kamera ya kuchomeka. Ukigundua wakati huohuo kwamba sehemu ya kuwekea viganja imeinuka au kipanya cha mguso hakibonyezeki, betri imevimba: zima kompyuta, chomoa chaja, na usiiwashe tena hadi betri iondolewe.